Hesabu miezi yako kabla ya kustaafu: Kijitabu cha pensheni ya CNSS kinasema nini

Mama mmoja muuguzi, mshirika wa mojawapo ya makanisa yetu, alikuja kwenye biro yetu na kijitabu mkononi. Alikipewa kazini. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kifaransa, na kilieleza mambo ya CNSS, yaani Kesi ya Taifa ya usalama wa jamii ambayo wazee wengi wangali wanaiita INSS. Alituambia: “Nimefanya kazi tangu mwaka 1993. Mwezi wa tatu mwaka 2028 nitatimiza miaka 60, nami nitakwenda retreti. Nisomeeni nijue nitapata nini.”

Tulikaa naye tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Tulipomaliza, tuliona kwamba swali lake la kwanza halikuwa kiasi cha pesa. Ilibidi kwanza tujue ana miezi mingapi. Tunaandika hapa yale tuliyoyasoma na hesabu tuliyoifanya pamoja naye, kwa maana wako wengi katika makanisa yetu, wauguzi, wahasibu, walinzi, madereva na wapishi wa mashule, ambao wanakaribia umri huo na wanahesabu miaka yao ya kazi kama alivyohesabu yeye.

Kijitabu kinamhusu nani

Sheria inayoongoza mambo haya ni ile namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 2016. Ilianza kutumika mwaka 2018, na mwaka huo INSS ikageuka kuwa CNSS. Inawahusu wafanyakazi wenye mwajiri na mshahara: wa makampuni, wa mashirika, wa hospitali na mashule ya binafsi, na pia wale ambao kanisa limewaajiri na kuwalipa.

Mwalimu wa shule ya kanisa anayelipwa na Serikali hayumo katika kijitabu hiki. Yeye ni mtumishi wa Serikali, na watumishi wa Serikali wana Kesi yao nyingine inayoitwa CNSSAP. Herufi za mwisho ndizo zinazotofautisha, na tumewaona watu wakipanga mstari siku nzima kwenye mlango usio wao.

Tena, kufanya kazi kwenye hospitali ya kanisa kwa miaka mingi hakumwandikishi mtu. Ni lazima mwajiri awe ameandikishwa CNSS, awe amemtangaza mfanyakazi kwa jina lake, naye mfanyakazi awe na namba yake. Asiye na namba hana hesabu inayofunguliwa kwa ajili yake.

Mchango: nani analipa nini

Kila mwezi, mchango wote unaolipwa CNSS ni 18 kwa mia ya mshahara. Katika hiyo 18, mfanyakazi anakatwa 5 tu. Mwajiri analipa 13 kutoka mfuko wake mwenyewe.

Hata hivyo, si zote 18 zinazokwenda kwenye pensheni. Sehemu ya pensheni ni 10: zile 5 za mfanyakazi na 5 za mwajiri. Mwajiri anaongeza 6.5 kwa ajili ya misaada ya familia, na 1.5 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi.

Tuchukue mshahara wa faranga 400,000 za Kongo. Mfanyakazi anakatwa faranga 20,000. Mwajiri analeta faranga 20,000 nyingine za pensheni, na 26,000 za familia, na 6,000 za ajali. Jumla inayotakiwa kufika CNSS kwa mwezi huo ni faranga 72,000. Mfanyakazi anaona zile 20,000 peke yake kwenye fishi yake ya malipo, basi anadhani ndizo zote.

Mwenye fishi za zamani asishangae akiona kwamba alikatwa 3.5 kwa mia. Ndiyo iliyokuwa sehemu ya mfanyakazi wakati wa INSS, kabla ya sheria mpya. Miezi ile inabaki kuwa miezi kamili, hata kama mchango wake ulikuwa mdogo.

Neno moja tulilisisitiza kwa yule mama: anayekata ni mwajiri, na anayepaswa kufikisha ni mwajiri. CNSS haimwendei mfanyakazi kumdai. Kwa hiyo pesa inaweza kukatwa kwenye mshahara na isifike. Fishi inaonyesha kwamba umekatwa. Orodha ya michango iliyo CNSS inaonyesha kwamba imefika. Hizo ni karatasi mbili tofauti, na anayekaribia kustaafu anahitaji kuzilinganisha.

Masharti matatu ya kupata pensheni ya kila mwezi

Sharti la kwanza ni umri. Sheria ya sasa imeweka miaka 60 kwa mwanaume na kwa mwanamke. Zamani mwanaume alingoja mpaka 65.

Sharti la pili ni miezi 180 ya bima, yaani miaka 15. Miezi hiyo si lazima ifuatane, na si lazima iwe kwa mwajiri mmoja. Mtu aliyefanya kazi miaka sita mahali pamoja, akakaa bila kazi, kisha akafanya miaka kumi mahali pengine, anajumlisha yote.

Sharti la tatu ni kuacha kazi ya mshahara. Mtu hawezi kupokea pensheni huku anaendelea kulipwa kama mfanyakazi. Kulima shamba lako au kufuga mbuzi si kazi ya mshahara, na hakukuzuilii pensheni.

Aliyefika miaka 60 akiwa hana miezi 180 hatoki mikono mitupu. Anapewa malipo ya mara moja tu, kisha hesabu yake inafungwa. Pesa hiyo inaweza kununua mabati ya nyumba, lakini mwezi unaofuata haiji tena. Kwa sababu hiyo, mwenye miezi 170 na mwenye miezi 185 wanaonekana wako karibu, lakini uzee wao hautafanana.

Je, naweza kutoa pesa yangu mapema?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Mtu ameacha kazi akiwa na miaka 45, au mtoto anatakiwa kulipiwa masomo, au familia imekimbia vita na kupoteza vyote. Anafikiri: nimekatwa miaka kumi, wanirudishie changu.

Kijitabu hakitoi nafasi hiyo. CNSS si benki, na mchango wako haukuwekwa kwenye sanduku lenye jina lako. Michango ya wanaofanya kazi leo ndiyo inayolipa wazee wa leo, na siku yako itakapofika, wewe utalipwa na michango ya watakaokuwa kazini wakati huo. Unachojiwekea si pesa bali ni miezi. Miezi haitolewi, lakini pia haipotei. Ukiacha kazi na miezi 90, miezi 90 inakungoja.

Kuna milango mitatu inayofunguka nje ya njia ya kawaida. Wa kwanza ni wa yule ambaye mwili au akili yake imechakaa mapema. Huyo anaweza kuomba pensheni kabla ya miaka 60, akiwa na uthibitisho wa daktari. Wa pili ni wa aliyepata ulemavu wa kudumu unaomzuia kupata riziki kwa kazi yake, kwa maana kuna pensheni ya ulemavu yenye masharti yake. Wa tatu ni wa aliyeacha kazi ya mshahara lakini hataki hesabu yake isimame. Sheria inamruhusu kuomba kuendelea kwa hiari yake, akijilipia mwenyewe. Ombi hilo lina muda wake baada ya kuacha kazi, basi asikae nyumbani miaka kisha ndipo aulize.

Kiasi cha pensheni kinatoka wapi

Kiasi kinasimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni wingi wa miezi. Nguzo ya pili ni wastani wa mshahara uliotangazwa kwa CNSS.

Tazameni neno “uliotangazwa”. Kuna mahali ambapo mfanyakazi anapokea faranga 400,000, lakini karatasi inayopelekwa CNSS inaonyesha 200,000, na kinachobaki kinaitwa zawadi au msaada wa usafiri. Mwajiri anapunguza mchango wake, na mfanyakazi naye anafurahi kukatwa kidogo. Siku ya kustaafu, CNSS inahesabu kwa 200,000. Aliyejiokolea faranga 10,000 kwa mwezi atapokea pensheni inayohesabiwa kwa nusu ya mshahara wake maisha yake yote. Kama una miaka 50 na zaidi, uliza sasa ni mshahara gani unaotangazwa kwa jina lako.

Hesabu ya mama yetu

Tukarudi kwa yule mama muuguzi. Yeye alihesabu hivi: tangu 1993 mpaka 2028 ni miaka 35, basi miezi 180 ameivuka zamani. Tulimwomba aende kwenye tawi la CNSS aombe orodha ya michango yake. Aliporudi, mwanzoni mwa 2026, orodha ilionyesha miezi 96 tu.

Alilia. Kisha tukachukua kalamu na kugawanya maisha yake ya kazi katika vipande.

Tangu mwezi wa kwanza 1993 mpaka mwisho wa 1996 alikuwa muuguzi katika zahanati ya kampuni moja ya majani ya chai. Vita vikaja, kampuni ikafunga. Nyumbani alikuwa bado na kadi ya INSS ya wakati ule, na cheti cha kazi. Hiyo ni miezi 48. Haikuonekana kwenye orodha kwa sababu mwajiri wa sasa alimwandikisha upya, na namba mpya.

Tangu 1997 mpaka 2004 alifanya kazi katika vituo vidogo vya afya, akilipwa mkononi. Hakukatwa kitu na hakutangazwa. Miezi sifuri.

Mwaka 2005 aliingia hospitali anayofanyia kazi mpaka leo. Lakini hospitali ilimtangaza CNSS tangu mwezi wa kwanza 2016 tu. Kutoka hapo mpaka mwisho wa 2025 ni miaka 10, yaani miezi 120. Orodha ilikuwa na 96. Tulipoweka fishi zake kando ya orodha mwezi kwa mwezi, tuliona kwamba mwaka 2020 na 2021 alikatwa kila mwezi, lakini hakuna kilichofika. Miezi 24.

Kutoka mwezi wa kwanza 2026 mpaka mwezi wa tatu 2028, akiendelea na kazi, atapata miezi 27 mingine.

Sasa tujumlishe. Akinyamaza, atakuwa na 96 na 27, yaani miezi 123: atapewa malipo ya mara moja na basi. Akifaulu kurudisha ile miaka miwili tu, atakuwa na 147: bado. Akifaulu kuunganisha namba ya zamani tu, atakuwa na 171: atapungukiwa miezi 9, naye italazimu aendelee na kazi mpaka mwisho wa 2028, kama hospitali itakubali. Akifaulu yote mawili, atakuwa na 195, na pensheni ya kila mwezi ni yake.

Iko pia ile miaka 11, tangu 2005 mpaka 2015, ambayo hospitali ilimlipa bila kumtangaza. Hilo ni deni la mwajiri, na ana haki ya kuomba lirekebishwe. Lakini tulimshauri aanze na ile miezi 72 ambayo ana karatasi zake mkononi, kwa sababu ndiyo inayomvusha mstari wa 180. Miaka ile 11 itafuata, nayo ikikubaliwa itaongeza kiasi.

Aende wapi, na nini mkononi

Kwa namba ya zamani, anaandika barua kwa mkuu wa tawi la CNSS akiomba namba mbili ziunganishwe. Anaambatanisha nakala za kadi zote mbili, cheti cha kazi cha kampuni ile, na kitambulisho. Mambo yanayokwamisha mara nyingi ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye kadi ya 1993 aliandikwa kwa jina la baba yake, kwenye kadi ya mchaguzi kwa jina lingine. Kwa hiyo tulimwambia atafute kwanza cheti cha kuzaliwa na uthibitisho kutoka kwa viongozi wa Serikali kwamba majina mawili ni mtu mmoja.

Kwa miezi 24 iliyokosekana, anaanza na mwajiri. Anaomba kwa maandishi aonyeshwe matangazo ya miezi hiyo na uthibitisho wa malipo. Huenda pesa ililipwa na jina lake likasahauliwa kwenye orodha, na hilo linarekebishwa upesi. Kama haikulipwa, mwajiri ndiye mdaiwa, na fishi zinazoonyesha makato ni ushahidi mzito. Akikataa kujibu, kuna inspekta wa kazi wa Serikali. Abaki na nakala ya kila barua, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Yeye alikuwa na miaka miwili mbele yake, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mambo haya hayamalizwi kwa wiki mbili. Aliye na miaka 57 au 58 na aombe orodha yake mwaka huu.

Waliofanya kazi ng’ambo ya mpaka

Wako ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Uvira waliofanya kazi miaka kadhaa Rwanda au Burundi na kukatwa huko. Nchi zetu tatu zina mkataba wa usalama wa jamii wa mwaka 1978, chini ya CEPGL, ambao makusudi yake ni kwamba miezi ya nchi moja isipotee mtu anapohamia nyingine. Aliye katika hali hiyo alete uthibitisho wa michango kutoka RSSB ya Rwanda au INSS ya Burundi, na aitaje miezi hiyo tangu siku ya kwanza ya kuomba.

Mjane na watoto

Mwanachama akifariki, mumewe au mkewe aliyebaki, pamoja na watoto wake, wana sehemu yao katika kijitabu. Hapa tunasema na makanisa yetu wazi. Wengi wetu tulifunga ndoa mbele ya mchungaji, tukapata cheti cha kanisa, tukatosheka. Kwa CNSS, kama kwa sheria ya Kongo, mjane ni yule ambaye ndoa yake imeandikishwa katika vitabu vya Serikali. Ndoa ya kanisa na ya kimila inahitaji kuandikishwa huko. Watoto nao wanahitaji vyeti vya kuzaliwa. Mjane anayeanza kutafuta karatasi hizo baada ya mazishi anapata shida kubwa, na pengine jamaa za mume wanasimama mlangoni pake.

Yule anayepokea pensheni anatakiwa pia kujionyesha wakati wa ukaguzi, ili ijulikane kwamba angali hai. Asiyejionyesha anaweza kusimamishiwa malipo, hata kama ni ugonjwa tu uliomzuia. Familia itoe habari mapema kwenye tawi.

Karatasi za kushika mkononi leo

Kadi ya CNSS na ya INSS kama ipo; mkataba wa kazi na cheti cha kila kazi uliyoacha; fishi za malipo, kwa kufuatana miezi; cheti cha kuzaliwa, cha ndoa ya Serikali, na vya watoto. Katika sehemu zetu watu wanakimbia usiku, na nyumba zinachomwa. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, mpelekee mtoto au ndugu aliye mji mwingine, na uache nakala moja mahali pengine pa kuaminika.

Mama yetu amekwisha peleka barua zake mbili. Ile ya CNSS imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mhasibu wa hospitali amekubali kufungua vitabu vya 2020 na 2021. Kwenye jalada la kijitabu chake ameandika kwa kalamu hesabu nne: 123, 147, 171, 195. Ya mwisho ameizungushia duara.